Kung'oa Nywele na Kuchokonoa Ngozi: Msukumo Hutoka Wapi?

Wapo wananchi wanaong'oa nywele, nyusi au kope zao wenyewe, na wengine huchokonoa ngozi hadi ikatoka damu. Mara nyingi hudhaniwa kuwa ni wakaidi au wamerogwa. Kitaalamu, hii ni hali ya afya ya akili inayoendeshwa na mzunguko unaojirudia.

Tuchukue mfano wa mwanafunzi anayejisomea usiku. Uchovu au wasiwasi ukimpanda, vidole hupapasa utosi, pengine bila yeye kujitambua, vikitafuta unywele ulio mgumu kuliko nyingine. Akiung'oa hupata nafuu ya muda mfupi, na nafuu hiyo ndiyo inayoufundisha ubongo kurudia. Kumkaripia huongeza aibu na wasiwasi, hivyo msukumo hurudi.

Tiba ya tabia huanza kwa kuandika saa na mahali mkono unapopanda kichwani. Kisha, msukumo ukija, mhusika hukunja ngumi kwa dakika moja hivi, hadi upungue.

Anayemeza nywele kisha akaumwa tumbo au kutapika afikishwe hospitali haraka, kwa kuwa nywele hazimeng'enywi. Hujisokota tumboni zikawa donge.