Goti Likivimba, Uliza Saa Kabla ya Kuuliza Dawa

Mtu wa Makoongwe mwenye goti lililovimba ana hesabu ambayo mtu wa Chake Chake haipigi. Hospitali ya Abdulla Mzee iko Mkoani, na Mkoani ni ng'ambo. Kuna kungoja boti, nauli, mtu wa kumshika mkono wakati wa kupanda na kushuka, na siku nzima ya mwani au ya bahari imekwenda. Ndiyo maana magoti mengi kisiwani huishia kukandwa kwa mafuta ya moto na kuambiwa ni baridi, au ni uzee. Mara nyingi jibu hilo halileti madhara. Tatizo ni kwamba jina moja limebebeshwa maradhi manne au matano, na mojawapo huweza kulila goti ndani ya siku chache. Hoja yangu ni kwamba hata kabla ya vipimo vyovyote, mgonjwa mwenyewe anao ushahidi wa kuamua goti lipi livuke leo na lipi lingoje: uvimbe ulianza saa ngapi, goti lina moto au halina, na mwili mzima unajisikiaje.

Tuanze na linaloweza kungoja. Mwanamke wa miaka 58, mnene kiasi, goti lake linauma akipanda ngazi na linauma zaidi akishuka. Asubuhi linakaza kwa dakika chache kisha linalegea. Jioni, baada ya kutwa ya kuinama kwenye mwani, linajaa kidogo, na kufikia asubuhi uvimbe umepungua. Kwenye njia ya tambarare pia ya goti hubanwa kwa nguvu isiyozidi sana nusu ya uzito wa mwili, lakini kwenye ngazi nguvu hiyo hufika kiasi cha mara tatu ya uzito huo. Gegedu lililolika nyuma ya pia ndilo linalolalamika hapo. Goti la namna hii, likiwa la baridi na la siku nyingi, halihitaji sindano ya kuvuta maji. Linahitaji msuli wa mbele wa paja urudi kazini, kwa sababu maji yakikaa ndani ya goti huuzima msuli huo hata kabla maumivu hayajawa makali, na msuli ukilala pia hubanwa vibaya zaidi. Akae kwenye kiti, anyooshe goti polepole, alishikilie kwa sekunde tano, alishushe, arudie mara kumi, asubuhi na jioni, asitegemee nafuu kabla ya wiki sita. Kwenye ngazi, mguu mzima utangulie kupanda na mguu mgonjwa utangulie kushuka. Na picha ya eksirei isimtishe wala isimpumbaze. Wapo wenye picha mbaya wanaotembea vizuri, na wenye picha nzuri wanaolia.

Goti la pili ni la kijana. Anacheza mpira, anageuka ghafla huku mguu umekita chini, anasikia mlio ndani ya goti na anaanguka. Hapa saa ndiyo kila kitu. Goti likijaa ndani ya saa mbili au tatu, kilichojaa karibu kila mara ni damu, na sababu kubwa ya damu hiyo ni kukatika kwa kano ya ndani inayozuia mfupa wa ugoko usiteleze kwenda mbele. Ikiwa si kano, basi huenda mfupa umepasuka. Likijaa usiku, akaamka nalo asubuhi, lawama huelekea kwenye vile vipande viwili vya gegedu vyenye umbo la mwezi mchanga vilivyolala kati ya mifupa, hasa kama goti linakwama halinyooki. Asiyeweza kupiga hatua nne, au kukunja goti hadi pembe ya mraba, apigwe picha. Vivyo hivyo aliyeanguka kutoka kwenye mkarafuu. Lakini eksirei huonyesha mfupa tu, kano haionekani, kwa hiyo kuambiwa "picha haina kitu" si kuambiwa kano ni nzima. Kano hupimwa kwa mikono: goti likiwa limekunjwa kidogo, daktari hushika paja kwa mkono mmoja na kuvuta ugoko mbele kwa mwingine. Siku ya kwanza uvimbe na maumivu humzuia, hivyo kipimo kirudiwe baada ya siku kumi hivi. Anayerudi uwanjani kwa sababu uvimbe tu umekwisha, hali goti bado linamponyoka akigeuka, anakwenda kuchana na gegedu lililosalia.

Goti la tatu ndilo la kuvuka leo leo, hata kama boti ni ya kukodi. Limevimba kwa siku moja au mbili, lina moto kuliko mwenziwe, halikunjiki hata kidogo, na mgonjwa ana homa au hali chakula. Huenda ni jongo, nalo huuma vibaya mno. Huenda ni usaha. Kwa macho hakuna awezaye kuvitenganisha, na homa ikikosekana bado usaha haujaondoka kwenye shaka, hasa kwa wazee na wenye kisukari. Mtoto mwenye goti kama hilo asilazwe kisiwani usiku mmoja. Kinachovitenganisha ni ute unaovutwa gotini kwa sindano. Ute wa kawaida wa goti haujazi kijiko cha chai, ni mwepesi kwa rangi na unavutika. Ukitoka wa mawingu au mzito kama maziwa, maabara huhesabu chembe nyeupe, hutafuta vijidudu na hutafuta fuwele za jongo. Damu yenye matone ya mafuta juu yake husema mfupa umepasuka. Kipimo hiki hupoteza makali kama mgonjwa ameshameza vidonge vya kuua vijidudu vilivyobaki nyumbani, na ndiyo sababu ya kusisitiza ute utolewe kwanza, dawa ifuate.

Watu wana hofu yao, nayo si ya kipuuzi: goti likishavutwa maji mara moja, litajaa tena na tena. Ni kweli hujaa tena, ila hujaa kwa sababu kilichokuwa kikiyaleta maji bado kimo ndani, na lisilovutwa nalo hujaa vilevile. Hofu nyingine ni kwamba sindano huingiza vijidudu. Inawezekana, lakini ngozi ikisafishwa vizuri ni jambo la nadra sana, na daktari makini hapitishi sindano kwenye ngozi yenye kidonda. Kinyume chake, chale na hijama juu ya goti lenye moto huacha matundu mengi kwenye ngozi bila kuufikia ute, kwa kuwa damu inayotoka hapo ni ya ngozi. Kukanda goti la baridi ni sawa, na wengi hupata usingizi kwa hilo. Ila sindano ya kupoza uvimbe isichomwe ndani ya goti ambalo usaha haujaondolewa shaka.

Kuna goti moja linaloivuruga kanuni yangu: la baridi, halina homa kali, ila ni moja tu, limevimba kwa miezi, paja linakonda na mwili unapungua. Hilo linaweza kuwa kifua kikuu cha goti. Halihitaji boti ya usiku, lakini mazoezi ya kwenye kiti hayaliponyi. Anayevuka nalo amweleze daktari lilianza mwezi gani, kama nyumbani kuna anayekohoa kwa wiki nyingi, na dawa zote alizotumia, za dukani na za mitishamba.