Kidumu Kisichodumu: Mfuatano wa Swichi katika Saketi ya Rezista na Kapasita

Ikisiri
Makala haya yanaeleza jinsi volteji ya kapasita inavyokokotolewa katika saketi ambayo swichi zake hufungwa na kufunguliwa kwa mfuatano. Hoja kuu ni kwamba kila swichi inapobadilika huzaliwa saketi mpya yenye kidumu chake cha wakati, na kwamba kitu pekee kinachovuka kutoka kipindi kimoja hadi kingine ni volteji ya kapasita. Saketi moja yenye swichi mbili inafuatiliwa hatua kwa hatua, na makosa ya kawaida yanaonyeshwa kwa tarakimu.

1.0 Utangulizi
Istilahi 'kidumu cha wakati' ina mtego ndani yake. Kiambishi ki- na shina -dumu humfanya msomaji aamini kwamba kinachozungumziwa ni tabia ya kudumu ya saketi, kama vile uzito ulivyo tabia ya jiwe. Mwanafunzi hukokotoa kidumu hicho mara moja mwanzoni mwa swali, kisha hukibeba hadi mwisho. Katika saketi yenye swichi moja inayofungwa mara moja tu, mazoea haya hayana madhara. Swichi ya pili inapoingia, hupotosha jawabu zima.

Ukweli ni kwamba kidumu hiki hudumu baina ya badiliko moja la swichi na jingine tu. Ni zao la vitu viwili: uwezo wa kapasita wa kuhifadhi chaji (C) na ukinzani ambao kapasita yenyewe inaukabili (R). Kapasita haibadiliki, lakini ukinzani inaoukabili hubadilika kila swichi inapofungua au kuziba njia ya mkondo.

2.0 Pengo na Namna Linavyopungua
Njia nyepesi ya kuielewa saketi hii ni kufikiria pengo. Katika kila kipindi kuna volteji ambayo kapasita ingeifikia endapo swichi zingeachwa zilivyo kwa muda mrefu. Hiyo itaitwa hapa volteji ya kikomo, Vk. Kuna pia volteji ambayo kapasita ilikuwa nayo kipindi kilipoanza, yaani volteji ya mwanzo, Va. Tofauti baina ya hizo mbili ndiyo pengo. Kila kinapopita kidumu kimoja cha wakati, pengo hubakia 0.368 ya lilivyokuwa. Vikipita viwili, hubakia 0.135. Baada ya vitano hubakia chini ya 0.01, na kwa kazi nyingi kapasita huhesabiwa kuwa imefika.

Kanuni yenyewe huandikwa hivi, ambapo ta ni wakati kipindi kilipoanza:

```
v(t) = Vk + (Va - Vk) e^(-(t - ta)/RC)
```

Kanuni hii ina mahitaji manne: Vk, Va, ta na RC. Swichi inapobadilika, yote manne hutafutwa upya. Kati ya hayo, ni Va peke yake inayorithiwa kutoka kipindi kilichopita. Sababu yake ni kwamba volteji ya kapasita hutokana na chaji iliyorundikana ndani yake, na chaji haiwezi kuongezeka wala kupungua kwa ghafla pasipo mkondo usio na kikomo. Kwa hiyo volteji ya kapasita nukta moja kabla ya badiliko ni ile ile nukta moja baada yake. Mkondo haufungwi na sharti hili. Huo unaweza kuruka, na hata kugeuza mwelekeo.

3.0 Mfano wa Saketi yenye Swichi Mbili
Ichukuliwe betri ya volti 12 iliyounganishwa na swichi A, kisha rezista R1 ya omu 30,000, kisha kapasita ya mikrofaradi 100 ambayo mguu wake wa pili unarudi kwenye betri. Kando ya kapasita, kutoka mguu mmoja hadi mwingine, kuna swichi B ikifuatana na rezista R2 ya omu 15,000. Mwanzoni swichi zote ziko wazi na kapasita haina chaji. Swichi A inafungwa katika sekunde 0. Swichi B inafungwa katika sekunde 3. Katika sekunde 4, A inafunguliwa huku B ikibaki imefungwa. Katika sekunde 7, B nayo inafunguliwa.

3.1 Kipindi cha Kwanza: Sekunde 0 hadi 3
Hapa kapasita inakabili R1 peke yake. Kidumu cha wakati ni 30,000 × 0.0001, yaani sekunde 3. Volteji ya kikomo ni volti 12, na ya mwanzo ni 0; hivyo pengo ni volti 12. Kipindi hiki kina urefu wa kidumu kimoja kamili, kwa hiyo pengo linalobaki ni 12 × 0.368, takriban volti 4.41. Volteji ya kapasita katika sekunde 3 ni volti 7.59.

3.2 Kipindi cha Pili: Sekunde 3 hadi 4
Kufungwa kwa B kunabadilisha mambo mawili kwa pamoja. Kwanza, kikomo si volti 12 tena. Kapasita ikitulia, haipitishi mkondo, na rezista mbili zinagawana volteji ya betri. Sehemu ya R2 ni 12 × 15,000 ÷ 45,000, yaani volti 4. Pili, ukinzani unaokabiliwa na kapasita umebadilika. Ili kuupata, betri hufikiriwa kuwa imeondolewa na mahali pake pamewekwa waya mtupu, kisha saketi hutazamwa kutoka kwenye miguu miwili ya kapasita. Kwa mtazamo huo R1 na R2 ziko sambamba, si mfululizo, kwa kuwa chaji inayotoka kwenye kapasita ina njia mbili za kuchagua. Ukinzani wa pamoja ni omu 10,000, na kidumu kipya ni sekunde 1. Msingi wa hatua hii ni kanuni iliyochapishwa na Léon Charles Thévenin, mhandisi wa telegrafu wa Ufaransa, mwaka 1883, ambayo Hermann von Helmholtz alikuwa ameieleza mwaka 1853.

Volteji ya mwanzo ni 7.59 na kikomo ni 4. Pengo ni volti 3.59. Baada ya sekunde 1 linabaki 1.32. Kwa hiyo katika sekunde 4 kapasita ina volti 5.32. Jambo la kuzingatiwa ni kwamba kapasita inapoteza chaji ingawa betri ingali imeunganishwa. Anayedhani kwamba betri iliyounganishwa daima hujaza kapasita atalikosa hili.

Mkondo unathibitisha jawabu. Mara tu B inapofungwa, R1 inapitisha mikroampia 147 kuelekea kapasita kama ilivyokuwa ikifanya nukta moja kabla, lakini R2 inataka mikroampia 506. Upungufu wa mikroampia 359 lazima utoke kwenye kapasita. Mkondo huo ukigawanywa kwa mikrofaradi 100, volteji inaonekana kuanza kushuka kwa kasi ya volti 3.59 kwa sekunde. Hii ndiyo kasi inayotokana na pengo la volti 3.59 likigawanywa kwa kidumu cha sekunde 1. Njia mbili zimefika mahali pamoja.

3.3 Kipindi cha Tatu: Sekunde 4 hadi 7
A inapofunguliwa, R1 inabaki ikining'inia upande mmoja. Haipitishi mkondo, na kwa hiyo haiingii katika hesabu. Kapasita inakabili R2 peke yake. Kidumu ni sekunde 1.5, na kikomo ni volti 0. Sekunde 3 za kipindi hiki ni vidumu viwili, hivyo volteji inashuka kutoka 5.32 hadi 0.72.

3.4 Kipindi cha Nne: Baada ya Sekunde 7
B ikifunguliwa, hakuna njia ya mkondo iliyobaki. Kwa hesabu kamili ukinzani hauna mwisho, kidumu nacho hakina mwisho, na kapasita inabaki na volti 0.72. Saketi ile ile, kwa hiyo, imekuwa na vidumu vinne.

4.0 Makosa na Alama Zake
Faida ya kuwa na tarakimu ni kwamba kila kosa huacha alama yake. Katika sekunde 4 jawabu sahihi ni volti 5.32. Aliyebeba kidumu cha zamani cha sekunde 3 atapata 6.57. Aliyejumlisha R1 na R2 kana kwamba ziko mfululizo atapata 6.87. Aliyesahau kuanza kuhesabu wakati upya, akaandika t badala ya t − 3, atapata 4.07.

Kosa hili la mwisho hujifichua kwa urahisi kuliko mengine. Kanuni ya kila kipindi ikijaribiwa katika nukta ya mwanzo wake, sharti itoe volteji ile ile iliyofikiwa mwishoni mwa kipindi kilichotangulia. Kanuni yenye kosa inatoa 4.18 katika sekunde 3, mahali ambapo kapasita ilikuwa na 7.59. Mruko huo hauwezekani. Hata hivyo, jaribio hili halifichui kidumu kilichokosewa, kwani mwanzoni mwa kipindi kidumu hakina athari. Kwa kosa hilo, jaribio linalofaa ni lile la mkondo lililoonyeshwa katika 3.2.

5.0 Mipaka ya Hesabu Hii
Katika maabara, kapasita za elektroliti za ukubwa huu aghalabu huuzwa kwa uvumilivu wa asilimia 20. Kapasita iliyoandikwa 100 ikiwa kwa kweli ni 120, vidumu vyote vitarefuka kwa kiwango kimoja, ilhali volti 4 za kikomo cha kipindi cha pili hazitabadilika. Kikomo kikionekana tofauti, kosa litafutwe kwenye rezista au betri, si kwenye kapasita.

Kipimo nacho ni sehemu ya saketi. Mita ya mshale yenye omu 20,000 kwa kila volti, ikiwekwa kwenye kipimo cha volti 10, ni rezista ya omu 200,000 kando ya kapasita. Katika kipindi cha nne, ambapo kapasita ilitarajiwa kutulia, mita hiyo inaleta kidumu cha sekunde 20, na mshale utashuka mbele ya macho ya mpimaji. Mita ya dijiti ya omu milioni 10 ingeleta kidumu cha sekunde 1,000. Anayeona volteji ikishuka wakati swichi zote ziko wazi hana budi kwanza kuihesabu mita yake.

6.0 Hitimisho
Imeonyeshwa kwamba swichi inapobadilika, volteji ya kapasita hurithiwa, wakati huhesabiwa upya, na kikomo pamoja na ukinzani hutafutwa kwa kuiangalia saketi jinsi ilivyo sasa, kutoka kwenye miguu ya kapasita. Istilahi 'kidumu' inaweza kuendelea kutumika bila madhara, mradi ieleweke kwamba kudumu kwake kunakoma pale swichi inapoguswa.