Usiku nilioukwangua ukurasa mpaka mlango ukafungwa

Nilikuwa na miaka 23, na mwezi wa pili tangu nipate meza katika ofisi ya pamoja mjini Morogoro, pale tunapokaa watu kumi na zaidi tukichangia kodi, umeme na intaneti moja. Nilitaka kutengeneza programu ya simu ya kumwonyesha mkulima bei za mazao zilivyopanda na kushuka kwa miaka kadhaa. Bei zenyewe zilikuwapo kwenye tovuti ya ofisi moja ya umma. Shida ni kwamba zilitoka kidogokidogo: unachagua soko, unachagua zao, unachagua tarehe, ndipo unaletewa ukurasa wenye bei moja tu.

Masoko yalikuwa 20, mazao 6, siku kama 1,500. Ukizidisha unapata kurasa 180,000. Hakuna anayeweza kuzifungua kwa mkono, kwa hiyo niliandika skripti ya kukwangua: inafungua ukurasa, inachomoa bei, inaiandika kwenye faili, inakwenda kwa unaofuata. Nikaiambia ifungue kurasa 20 kwa mkupuo. Kwa kuwa kila ukurasa ulichukua sekunde moja hivi, nilijua kazi ingekwisha kwa saa mbili na nusu. Saa tano na dakika nne usiku nikaiwasha, nikalala.

Asubuhi faili lilikuwapo, tena kubwa. Lakini nilipoangalia bei za mahindi nikakuta sifuri, sifuri, sifuri, ukurasa kwa ukurasa. Nikafungua kumbukumbu za skripti. Hii ni mistari michache yake. Namba ya kati ni jibu la seva, ya mwisho ni ukubwa wa ukurasa kwa baiti:

```
23:04:10  200  18412
23:38:52  200   2107
23:51:30  429    162
23:58:14  403    153
```

Jibu la 200 maana yake ukurasa umepatikana salama, na hapo ndipo nilipodanganyika. Kuanzia saa tano na dakika 38 seva ilikuwa imeelemewa, ikawa inaleta ukurasa mfupi wenye maneno ya samahani, lakini bado ukiwa na namba 200. Skripti ilitafuta bei, haikuiona, ikaandika 0. Dalili ilikuwa wazi kwa anayeangalia: ukurasa wa kweli ulikuwa na baiti zaidi ya 18,000, na ukubwa wake ulibadilika kidogo kila mara; ule wa samahani ulikuwa 2,107 bila kubadilika hata baiti moja. Kwa dakika kumi na mbili nilikusanya samahani zaidi ya 15,000 nikiziita bei.

Kisha ikaja 429, yaani umeomba mara nyingi mno. Jibu hilo lilikuja na kichwa cha `Retry-After: 3600`, kuniambia nisubiri sekunde 3,600 ndipo nirudi. Skripti yangu haikujua kusoma hilo. Kila ilipokataliwa ilirudi papo hapo, na baada ya dakika saba seva ikaandika 403: hapa huingii.

Rafiki yangu alinishauri nibadilishe anwani ya IP na kuifanya skripti ijitambulishe kama kivinjari cha kawaida. Ingewezekana. Nilikuwa nimeshaanza kutafuta namna, pale dada wa meza ya pili alipouliza kwa sauti kama kuna mwingine ambaye tovuti ya bei haifunguki. Yeye kila asubuhi huchukua bei za siku na kuzituma kwa vikundi vya wakulima kwa ujumbe wa simu. Ofisi nzima tunatoka kwa anwani moja ya IP. Aliyefungiwa sikuwa mimi peke yangu.

Niliona aibu, nikamwambia ukweli. Halafu nikafanya jambo ambalo ningepaswa kulifanya kabla ya kuandika mstari wa kwanza: nikafungua faili la robots.txt la tovuti ile. Ni utaratibu ulioanzishwa na Martijn Koster mwaka 1994. Mwenye tovuti huweka faili dogo la maandishi kuziambia programu zinazotembea zenyewe wapi zipite na wapi zisipite. Halimzuii mtu kwa nguvu. Ni sawa na kibao cha "piga hodi". Lao lilisema:

```
User-agent: *
Crawl-delay: 10
Disallow: /bei/tafuta
```

Mstari wa pili unaomba programu ipumzike sekunde 10 kati ya ukurasa na ukurasa. Kwa kurasa 180,000 hizo ni sekunde 1,800,000, karibu siku 21 mchana na usiku. Wa tatu ulikataza kabisa sehemu ileile niliyokuwa nikiikwangua. Hapo nikaelewa kwamba hata ningeenda kwa upole kiasi gani, njia hii haikuwa yangu.

Nikaandika barua pepe fupi. Nilisema mimi ni nani na niko wapi, kwamba trafiki ya usiku ule ilikuwa yangu na nimeizima, na nikaomba waifungulie anwani ya ofisi kwa ajili ya wenzangu. Kisha nikataja ninachohitaji hasa: bei za jumla za mazao 6, masoko 20, kuanzia tarehe fulani hadi fulani, kwa faili la CSV au Excel, na matumizi yake. Sikutaja sheria, ingawa ipo: Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inampa raia wa Tanzania haki ya kuomba taarifa, na ofisi ina siku 30 za kujibu. Niliona nitangulize kuomba.

Siku ya nne simu ikaita.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe ndiye uliyetugongea usiku kucha?"

"Ni mimi, mama. Naomba radhi."

"Sisi tulidhani tumeshambuliwa. Vijana wa masokoni walishindwa kuingiza bei za asubuhi. Sasa sikiliza, faili nakutumia, lakini usilitumie kabla hujasoma maelezo."

Faili lilikuwa la megabaiti 9. Kila kitu nilichokuwa nakikwangua usiku kilikuwa humo, katika kiambatisho kimoja. Lakini thamani yake ilikuwa katika yale maelezo. Kwanza, siku ambayo soko halikufanya biashara waliacha wazi, hawakuandika sifuri. Pili, viazi mviringo hadi Juni ya mwaka mmoja vilirekodiwa kwa gunia la lumbesa, lile la kujazwa na kushonewa kilemba juu. Kuanzia Julai ni gunia la kilo 100.

Angalia maana yake. Juni bei ilikuwa shilingi 90,000, Julai 62,000. Kwa data ya kukwangua ningemwambia mkulima kwamba viazi vimeshuka kwa karibu theluthi moja. Lumbesa ikiwa na kilo 150, basi 90,000 ni shilingi 600 kwa kilo, na 62,000 ni 620. Bei ilikuwa imepanda. Nikauliza kama naweza kugawanya zote kwa 150. Mama akakataa: lumbesa haipimwi, moja ina 130 na nyingine 170. Tukaviacha viazi vya kabla ya Julai nje ya programu.

Siku hizi skripti yangu huchukua faili moja kila asubuhi, mahali walipolionyesha, na katika User-Agent nimeweka jina la programu na barua pepe yangu. Juma lililopita alinitumia ujumbe saa moja asubuhi: bei ya Kibaigwa ya leo imeingizwa vibaya, usichukue hadi saa nne.

Nikasubiri hadi saa nne.