Kanuni Mbili Badala ya Kumi na Mbili

Tumchukulie mkulima wa alizeti wa Mlali, wilayani Kongwa, aliyepewa orodha ya kanuni kumi na mbili za usingizi. Anaacha chai, anazima simu, na saa 2 usiku yuko kitandani akijikagua ni ipi aliyoikiuka. Kujikagua huko ndiko kunakomkesha. Mwongozo wa Marekani wa 2021 haupendekezi orodha hizo ziwe tiba pekee ya kukosa usingizi kwa muda mrefu.

Tumwachie mbili. Aamke saa 11 alfajiri kila siku, hata alipokesha, ili usingizi ulimbikizike hadi usiku. Apande kitandani macho yanapolegea tu. Akikesha takriban dakika 20, aondoke. Chai ya asubuhi aendelee kuinywa. Akikoroma na kukabwa pumzi, apimwe kwanza.