Kandambili za Pasteur

Ukali wa ukwaju unatokana zaidi na asidi ya tatariki, ile ile ambayo chumvi yake huganda kama mchanga ndani ya mapipa ya mvinyo. Kufikia mwaka 1848 asidi hiyo ilikuwa imewatatiza wanakemia wa Ulaya. Ilikuwapo ya aina mbili, zenye atomu zilezile kwa idadi ileile. Ya kwanza ikiyeyushwa majini iligeuza mwanga kuelekea kulia. Ya pili haikugeuza kitu.

Kugeuza mwanga maana yake nini? Mwanga wa kawaida hutikisika pande zote. Ukipita kwenye kichujio cha polaraidi, kama vioo vya baadhi ya miwani ya jua, unabaki ule unaotikisika katika mstari mmoja tu. Weka kichujio cha pili mbele yake, ukizungushe mpaka giza liingie. Ukiweka bomba la maji matupu katikati, giza halibadiliki. Weka maji yenye asidi ya ukwaju: mwanga unachungulia, na itakubidi uzungushe kichujio cha pili kidogo ndipo giza lirudi. Hicho kidogo, kwa nyuzi, ndicho polarimita inachosoma. Ukizungusha kwa mwendo wa saa ni jumlisha. Kinyume chake ni kutoa.

Louis Pasteur, kijana wa miaka 25 huko Paris, alitengeneza chumvi ya sodiamu na amonia kutokana na ile asidi ya pili, kisha akazichunguza fuwele zake moja moja. Kila fuwele ilikuwa na vijisura vya mshazari. Kwenye nyingine vilielekea kulia, nyingine kushoto, mfano wa kandambili: umbo moja, lakini ya kushoto huivai mguu wa kulia. Akazitenga kwa kibano mafungu mawili, akayeyusha kila fungu peke yake. Moja liligeuza mwanga kulia, la pili kushoto, kwa kiasi kilekile. Alipochanganya nusu kwa nusu, sindano ikarudi sifuri, kwa namna ya kusema.

Bahati ilimbeba pia. Chumvi hiyo hujitenga hivyo ikiganda kwenye ubaridi wa chini ya takriban nyuzi 27 za Selsiasi. Kwa joto la Dar es Salaam mwezi Februari, angepata fuwele za aina moja tu, akaenda zake.

Ukandambili huo, yaani kairaliti, umo ndani ya molekuli yenyewe. Chukua ndimu iwe kaboni, uichome vijiti vinne vilivyoachana sawasawa, kila kimoja na shanga ya rangi yake. Tengeneza ya pili kama taswira ya ya kwanza kwenye kioo. Zigeuze utakavyo, shanga zote nne hazitalingana kamwe. Hizo ni enantioma. Fanya shanga mbili ziwe za rangi moja, na tofauti inatoweka.

Molekuli yoyote inaweza kuusukuma mwanga kidogo, kutegemea imelalaje. Lakini kwenye kimiminika chenye molekuli zisizo na ukandambili, kwa kila moja iliyolala hivi ipo nyingine iliyolala kama taswira yake, nazo hufutana. Molekuli ya kulia haiwezi kulala ikawa ya kushoto, hivyo msukumo wake haufutwi, isipokuwa enantioma mwenzake awepo humo.

Tuhesabu. Mgeuko maalumu wa asidi ya ukwaju ni takriban +12. Yeyusha gramu 20, ongeza maji yafike mililita 100, ujaze bomba la desimita 1. Zidisha 12 kwa 1 kwa 0.2, upate +2.4. Enantioma yake itasoma −2.4. Ukikuta +1.2 kwa gramu zilezile 20, basi gramu 15 ni za kulia na 5 za kushoto: zile 5 zimefuta 5 nyingine, zimebaki 10 zinazofanya kazi.

Hapa ndipo wanafunzi wengi hupoteza alama. Herufi R na S hutokana na mpangilio wa vikundi kuzunguka kaboni, na unazipata kwa kuchora. Jumlisha na kutoa hupatikana kwa kupima tu. Asidi ya laktiki inayotoka kwenye misuli ni S na hugeuza kulia. Igeuze iwe chumvi ya sodiamu bila kugusa mpangilio huo, ni S bado, lakini sasa inageuza kushoto.

Jean-Baptiste Biot, aliyegundua tangu 1815 kwamba vimiminika vya asili hugeuza mwanga, hakumwamini kijana. Alimpa asidi yake mwenyewe, akamtaka arudie yote mbele ya macho yake, na fuwele zilipokwisha kutengwa akayeyusha mwenyewe. Mzee wa miaka 74 akaanza na fungu ambalo hakuna aliyewahi kuliona, lile la kushoto, akachungulia kwenye chombo. Rangi zikahama kushoto.