Nani Anaigandisha Gemu Yako?

Gemu ikianza kuganda, wengi hukimbilia kutazama kasi. Wakiona Mbps 40 wanashangaa: intaneti ipo ya kutosha, sasa mbona mchezaji anaruka-ruka kwenye skrini? Mechi ya mtandaoni hula data kidogo sana, mara nyingi isiyofika hata Mbps 1. Inachotaka ni data hiyo iwahi, ije kwa mpangilio, na ifike yote. Kwa hiyo ukiwa na Xbox, ingia Settings, General, Network settings, kisha Test network speed & statistics, uipite kasi na utafute Latency, Jitter na Packet loss.

Latency ndiyo pingi yenyewe: muda wa pakiti kwenda kwenye seva na jibu kurudi, kwa milisekunde. Sehemu ya muda huo ni umbali, na umbali hauna dawa. Mwanga ndani ya nyuzi za faiba hukimbia takribani kilomita 200,000 kwa sekunde, hivyo kila kilomita 1,000 hukugharimu milisekunde 10 kwenda na kurudi. Kutoka Dar es Salaam hadi Johannesburg, hata kwa mstari ulionyooka, ni kama kilomita 2,500. Chini ya milisekunde 25 hutashuka, na kebo za baharini hazinyooki. Njia ikikatika, kama Mei 2024 kebo za EASSy na Seacom zilipokatika karibu na Afrika Kusini, data huzungushwa kwingine na pingi hupanda. Pingi iliyo juu lakini imetulia inaelekeza kidole kwenye umbali au njia. Ruta mpya haitakusaidia kitu hapo.

Jitter hupima jinsi pingi inavyoyumba. Ni kama daladala: ikipita kila baada ya dakika 10 utapanga safari yako, lakini zikija tatu kwa mpigo kisha nusu saa hakuna, umeharibikiwa. Gemu huizoea pingi ya 80 isiyobadilika. Inayocheza kati ya 50 na 200 ndiyo inayoigandisha. Kipimo chako kisipoandika Jitter, rudia kupima mara kadhaa uone Latency inavyopishana.

Tuchukue nyumba moja Tabata. Saa nne asubuhi konsoli inaonyesha Latency 60, Jitter 3, Packet loss 0%. Saa mbili usiku ni 190, 45, na bado 0%. Seva haijahama, kwa hiyo umbali hauhusiki. Hakuna kinachopotea, kuna kinachosubiri. Mshukiwa wa kwanza ni Wi-Fi, basi konsoli inachomekwa waya moja kwa moja kwenye ruta: 184, 41. Wi-Fi imeachiwa huru. Kisha simu ya dada, iliyokuwa ikipandisha picha na video za harusi kwenye hifadhi ya mtandaoni, inazimwa Wi-Fi. Konsoli inasoma 62, 4. Njia ya kupandisha ilikuwa imejaa, na ruta ikawa inazipanga pakiti za gemu nyuma ya picha za harusi. Tiba iko kwenye mipangilio ya QoS ya ruta: kama laini hupandisha Mbps 5, weka kikomo cha 4.5, foleni isijengeke. Lakini kama nyumba nzima ingezimwa na 190 ikabaki, foleni ingekuwa kwa mtoa huduma.

Packet loss ndiyo nzito kuliko zote, ila usiihukumu kwa kipimo kimoja. Kipimo cha konsoli ni kifupi, na pakiti chache tu huweza kuonekana kama asilimia 2. Tena kuna mtego. Wi-Fi hurudia kutuma kilichopotea hewani, hivyo mawimbi mabovu hujitokeza kwanza kama Jitter, huku Packet loss ikisoma 0%. Ikipotea hata kwa waya, chukua kompyuta ya Windows, iunganishe kwa waya uleule, kisha itume pakiti 100 kwa ruta na 100 nje (anwani ya ruta yako huenda ikawa nyingine):

```
ping -n 100 192.168.1.1
ping -n 100 8.8.8.8
```

Zikipotea kuelekea ruta, badilisha waya au tundu la ruta. Ruta ikiwa safi na za nje zinapotea, tatizo limevuka ukuta wa nyumba yako: kiunganishi cha faiba kilicholegea au kuchafuka, au laini iliyozidiwa.

Kumbuka pia kwamba Xbox hupima hadi seva za Microsoft. Kama tarakimu zote ni nzuri na gemu moja tu ndiyo inaganda, seva za gemu hiyo ndizo zenye shida. Na unapompigia mtoa huduma, usimwambie intaneti ni mbovu. Mpe vipimo vya waya, vya asubuhi na vya usiku, pamoja na saa ulizopima.