Vitabu Vimefungwa, Mambo Yanaendelea

Katika kutembelea vikundi tumeulizwa mara nyingi: vitabu hufungwa Desemba 31, mkaguzi anatia sahihi miezi kadhaa baadaye. Je, yanayotokea katikati ni ya hesabu zipi?

Tuseme kikundi cha kukausha samaki pale Dunga, Kisumu, kilifunga vitabu mwisho wa 2019. Mizania ilionyesha shilingi 40,000 anazodaiwa mchuuzi mmoja, na banda la shilingi 60,000. Machi 2020 ikajulikana mchuuzi alifilisika tangu Novemba. Mei ziwa likapanda, likapita hata maji ya 1964, na banda likabebwa.

Lile deni lilikuwa limeshaoza siku ya mizania. Habari tu ndiyo iliyochelewa. Basi shilingi 40,000 zinaondolewa kwenye hesabu za 2019. Banda lilikuwa zima siku ile, kwa hiyo linabaki, ila hasara inaelezwa kwa maandishi chini ya hesabu. Lakini mafuriko yakiwa yamekimaliza kikundi kabisa, hesabu zote zinapangwa upya.

Mpaka siku ya sahihi, mkaguzi ni lazima atafute: asome kumbukumbu za mikutano, aangalie nani amelipa baada ya Desemba, aulize kamati na apewe majibu kwa maandishi. Akishatia sahihi halazimiki kutafuta tena. Hata hivyo, akisikia jambo ambalo lingebadili ripoti yake, ni lazima arudi kwa kamati, hesabu zirekebishwe ikibidi. Mweka hazina, usimfiche.